Impetigo usoni mwa mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vigaga vya rangi ya asali, tiba na muda wa kuambukiza

Hivi vidonda vyenye kigaga cha rangi ya asali ni ugonjwa gani?

Ni impetigo, maambukizi ya bakteria kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Wanaosababisha ni bakteria wa aina mbili, stafilokokasi aureasi na streptokokasi wa kundi A, na mara nyingine wote wawili hukutwa kwenye kidonda kimoja. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, ingawa hakuna umri ulio salama kabisa.

Kidonda huanza kama kipele kidogo au lengelenge lenye ngozi nyembamba sana. Lengelenge hilo hupasuka mapema, mara nyingi kabla mzazi hajaliona, na majimaji yake hukauka juu ya ngozi. Ndiyo hayo yanayotengeneza kigaga cha manjano ya dhahabu, kama tone la asali lililogandia chini ya pua au pembeni mwa mdomo. Chini ya kigaga pana unyevu na ngozi iliyochubuka. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni huenda usionekane: eneo linaweza kuwa jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, na kigaga kikielekea kahawia. Usisubiri wekundu ili uamini.

Kwa kawaida mtoto hana homa, anacheza na anakula kama siku zote. Kidonda kinaweza kuwasha kidogo, lakini hakiumi sana. Hilo la maumivu litatusaidia katika swali linalofuata.

Nitajuaje kuwa si ugonjwa mwingine?

Kigaga cha rangi ya asali juu ya kidonda kibichi usoni mwa mtoto anayecheza vizuri kinatosha kwa mhudumu wa afya kutambua impetigo kwa macho. Vipimo vya maabara havihitajiki mwanzoni. Kuna magonjwa matatu, hata hivyo, yanayochanganywa nayo mara kwa mara.

La kwanza ni malengelenge ya virusi vya hepesi. Haya hutokea kwa kundi, vilengelenge vingi vidogo vilivyobanana mahali pamoja, huuma au kuchoma, na hupenda kurudi palepale kila mtoto anapougua. Dawa ya bakteria haiyagusi. La pili ni fangasi wa ngozi, yaani choa. Huyu hutengeneza duara lenye ukingo ulioinuka na magamba makavu, katikati pakiwa pamepona, na hukua kwa wiki kadhaa, wakati impetigo hubadilika ndani ya siku moja au mbili.

La tatu ni gumu zaidi, kwa sababu linaweza kuwepo pamoja na impetigo: ukurutu au upele. Mtoto anajikuna, ngozi inachanika, bakteria wanaingia. Ukitibu vidonda vya juu tu, vitapona na kurudi baada ya wiki chache. Mtoto anayejikuna sana usiku, mwenye vipele katikati ya vidole, viganjani au kiunoni, achunguzwe upele. Kama anao, watu wote wa nyumba hiyo hutibiwa kwa wakati mmoja.

Mtoto ameupata wapi? Ni kwa sababu ya uchafu?

Hapana. Stafilokokasi huishi ndani ya pua za watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia kwenye ngozi. Mafua ya siku chache hulowesha na kuchubua ngozi iliyo chini ya pua, mtoto anafuta kamasi kwa mkono, kisha anachokonoa pua na kujigusa mdomo. Mlango umefunguka, na bakteria wamepelekwa hapo kwa kidole. Ndiyo maana vidonda hivi hupenda eneo la pua na mdomo kuliko paji la uso. Njia nyingine ni kuumwa na wadudu, mkwaruzo, au kugusana na mtoto mwenye kidonda kinachovuja.

Kutoka kuambukizwa hadi kidonda kuonekana hupita siku 4 hadi 10. Kwa hiyo mtoto aliyemwambukiza mwanao huenda alicheza naye wiki iliyopita, na leo amekwisha kupona.

Nianzie kwa mhudumu wa afya, au kuna ninachoweza kufanya nyumbani?

Vyote viwili. Kusafisha kunaanza nyumbani sasa hivi, lakini dawa ya bakteria ya kupaka ni vizuri ielekezwe na mhudumu wa afya au mfamasia aliyeona kidonda chenyewe.

Kuna watoto ambao hawafai kutibiwa kwa dawa ya kupaka bila kuonwa. Hao ni mtoto mchanga, mwenye homa au anayelegea, mwenye malengelenge makubwa yaliyojaa maji, mwenye kidonda kwenye kope au karibu sana na jicho, na mwenye ugonjwa au dawa inayopunguza kinga ya mwili. Ongeza pia mtoto mwenye vidonda vingi. Wataalamu wengi huchukulia zaidi ya vidonda vitano, au vidonda vilivyosambaa sehemu mbalimbali za mwili, kuwa mpaka wa kuhamia dawa ya kunywa.

Vigaga vitolewe, au viachwe vidondoke vyenyewe?

Vilainishwe na vitolewe taratibu, kabla ya kupaka dawa. Hapa ndipo tiba nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bakteria wako chini ya kigaga, kwenye sehemu yenye unyevu. Krimu iliyopakwa juu ya kigaga kinene hubaki juu. Mzazi anapaka siku tano kwa uaminifu, kidonda hakibadiliki, kisha anaambiwa dawa imeshindwa. Dawa haijashindwa, haikufika. Upande wa pili kuna kosa la kukibandua kigaga kikiwa kikavu. Hicho huchana ngozi mpya inayoota chini yake, damu inatoka, mtoto analia na siku inayofuata hakubali kuguswa.

Njia inayofaa ni hii. Nawa mikono yako kwa sabuni. Chukua kitambaa laini kisafi au kipande cha shashi, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo kali, kikamue kisidondoke, kisha kiweke juu ya kigaga bila kusugua. Kiache hapo dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kikianza kupoa. Mtoto mdogo hawezi kukaa kimya dakika kumi, hivyo gawanya: dakika tatu, pumzika, dakika tatu nyingine. Kigaga kitakuwa laini kama karatasi iliyolowa. Sasa futa kwa upole ukielekea upande mmoja. Kinachotoka kitoke, kinachong'ang'ania kiache hadi safari ijayo. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kugusagusa, ndipo upake dawa.

Kila kidonda kipate upande wake safi wa kitambaa. Ukifuta kidevu kisha ukarudi puani kwa upande uleule, umekwisha kuwasafirisha bakteria. Shashi hutupwa, kitambaa kinakwenda kufuliwa papo hapo, nawe unanawa mikono tena.

Siku ya kwanza kazi hii huchukua robo saa. Kufikia siku ya tatu vigaga vipya huwa vyembamba na dakika mbili zinatosha. Hiyo yenyewe ni dalili kwamba tiba inakwenda sawa.

Spiriti, siki na dawa ya meno visipakwe. Vinachoma ngozi iliyochubuka, na ngozi iliyochomwa ni mlango mwingine.

Ni dawa gani ya kupaka inayotumika, kwa kiasi gani na kwa siku ngapi?

Zinazotumika zaidi ni mupirosini ya asilimia 2 na asidi ya fusidiki ya asilimia 2. Hupakwa mara tatu kwa siku kwa siku 5, ingawa baadhi ya miongozo huruhusu mupirosini mara mbili kwa siku. Fuata ulivyoandikiwa. Kwa mtoto mwenye vidonda vichache asiye mgonjwa, miongozo mingine huanza na krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1, mara mbili au tatu kwa siku kwa siku 5, ili kuepuka kuwazoesha bakteria dawa. Hiyo ni krimu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Maji ya peroksaidi ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda si kitu hicho, na hayafai kupakwa usoni mwa mtoto mara tatu kwa siku.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa vidonda vitatu vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, dawa inayolingana na punje moja ya njegere inatosha kwa mpako mmoja. Inatakiwa tabaka jembamba linalong'aa, linalofunika kidonda na kuzidi ukingo wake kidogo. Dawa nyingi haiponyi haraka zaidi. Huteleza, mtoto akailamba au akaipaka kwenye mto wa kulalia.

Mupirosini ya ngozi isiingizwe ndani ya tundu la pua. Mafuta yake ya msingi huwasha utando wa pua, na ile ya kutumiwa puani hutengenezwa tofauti. Ishia kwenye ukingo wa nje wa tundu. Kidonda kikiwa kwenye pembe ya mdomo, paka baada ya kula, kwa sababu dawa iliyopakwa kabla ya chakula huishia kwenye kijiko.

Tyubu ya gramu 15 itabaki zaidi ya nusu. Usiiweke kwa ajili ya kila kipele kitakachotokea baadaye, wala usimpe jirani. Bakteria huizoea haraka asidi ya fusidiki na mupirosini zinapotumiwa ovyo, na zikishazoeleka hakuna dawa nyingi za kupaka zilizobaki za kukimbilia.

Nina krimu ya ngozi yenye dawa tatu ndani yake. Si itafaa zaidi?

Soma viambato vyake. Nyingi ya krimu hizo zina steroidi, kwa mfano betamethasoni, pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria. Steroidi huzima wekundu na muwasho, kwa hiyo kwa siku mbili tatu ngozi huonekana kama imepona. Wakati huohuo inapunguza ulinzi wa ngozi hapohapo ilipopakwa. Bakteria wanaendelea kusambaa chini ya ngozi iliyotulia, na ukiacha kupaka vidonda vinarudi vikiwa vingi zaidi. Isitoshe, mhudumu atakayemwona mtoto baada ya hapo atashindwa kutambua ugonjwa kwa umbo lake. Kwa impetigo ya usoni, krimu ya namna hiyo iachwe.

Kwa nini mtoto wa fulani amepewa dawa ya kunywa? Na je, amoksilini iliyobaki nyumbani inafaa?

Dawa ya kunywa huandikwa vidonda vikiwa vingi, vikisambaa haraka, kukiwa na malengelenge makubwa au homa, au dawa ya kupaka ikiwa imetumika ipasavyo bila mafanikio. Zinazoandikwa mara nyingi ni fluklokasilini au sefaleksini, kwa siku 5 hadi 7. Mtoto mwenye mzio wa penisilini hupewa nyingine, kama eritromaisini au klarithromaisini, kwa hiyo mzio utajwe mapema kabla dawa haijaandikwa.

Amoksilini peke yake kwa kawaida haifai. Stafilokokasi wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja kabla haijafanya kazi. Fluklokasilini na sefaleksini zimeundwa kwa namna ambayo kimeng'enya hicho hakiziwezi. Mzazi anaweza kumaliza chupa nzima ya amoksilini, mtoto akaharisha, na vidonda vikabaki kama vilivyokuwa.

Kipimo hufuata uzito, na kosa la kawaida hutokea kwenye nguvu ya dawa. Tuseme mtoto wa kilo 16 ameandikiwa sefaleksini kwa miligramu 25 kwa kila kilo kwa siku. Hiyo ni miligramu 400 kwa siku, zikigawanywa mara nne ni miligramu 100 kila mara. Kama chupa ina miligramu 125 katika mililita 5, atapewa mililita 4. Kama chupa ina miligramu 250 katika mililita 5, atapewa mililita 2. Chupa hizo mbili hufanana, na mzazi akibadilishiwa moja kwa nyingine bila kusoma lebo, mtoto hupata nusu au maradufu. Mwandishi wa dawa anaweza kuchagua kipimo kikubwa zaidi ya hiki au kugawanya mara tatu, hivyo hesabu hii ni ya kukusaidia kuuliza. Usijipangie dozi nayo. Pima kwa sirinji ya dawa, si kijiko cha chai.

Anaambukiza kwa muda gani?

Akitumia dawa ya kunywa, saa 24 tangu dozi ya kwanza. Akitumia dawa ya kupaka, hesabu saa 48 tangu mpako wa kwanza. Ipo miongozo inayotaja saa 24 kwa dawa ya aina yoyote, na sehemu nyingine shule hutaka vidonda viwe vimekauka kabisa. Sisi tunashauri saa 48 kwa dawa ya kupaka, kwa sababu ya jambo moja la uso: vidonda vya mkono au mguu hufunikwa kwa bandeji, lakini kidonda kilicho chini ya pua ya mtoto wa miaka minne hakifunikiki. Plasta hulowa kamasi na kubanduka ndani ya nusu saa. Palipokosekana kifuniko, muda ndio kinga.

Bila tiba yoyote, mtoto huendelea kuambukiza kwa muda wote vidonda vinapovuja, na impetigo isiyotibiwa inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kuisha yenyewe.

Tuhesabu kwa mfano. Mtoto wa miaka 4 ana vidonda vitatu, viwili chini ya pua na kimoja kidevuni. Jumatatu mchana ameonwa na kuandikiwa mupirosini mara tatu kwa siku. Saa 12 jioni vigaga vinalainishwa, vinatolewa, dawa inapakwa kwa mara ya kwanza. Saa inaanza kuhesabiwa hapo. Haianzi mchana alipoonwa, wala asubuhi kidonda kilipogunduliwa. Jumanne anapakwa asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Jumatano hivyohivyo, na saa 12 jioni zinatimia saa 48. Kwa hiyo Jumanne na Jumatano anabaki nyumbani, na Alhamisi asubuhi anaweza kurudi shuleni, mradi vidonda vimekauka juu na hakuna kipya kilichotokea. Kupaka kunaendelea hadi Jumamosi mchana, ndipo mipako 15 ya siku tano inatimia.

Kama mtoto huyohuyo angepewa dawa ya kunywa Jumatatu saa 12 jioni, saa 24 zingetimia Jumanne jioni na angerudi Jumatano.

Masharti mawili yanaweza kuisimamisha saa hiyo. Siku ya kwanza ukipaka mara moja tu badala ya mara tatu, au ukipaka juu ya kigaga kikavu, huna haki ya kuzihesabu saa hizo. Anza upya kuanzia mpako uliofanywa sawasawa. Pia kikitokea kidonda kipya kinachovuja siku ya pili, subiri kikauke.

Alhamisi bado ana alama na kigaga chembamba. Mwalimu anakataa kumpokea. Nani yuko sahihi?

Mtoto haambukizi kwa sababu ya alama. Anaambukiza kwa majimaji. Kigaga kikavu, chembamba, kisichotoa unyevu ukikigusa kwa shashi, baada ya saa 48 za dawa, si hatari kwa wenzake. Ngozi yenyewe huchukua siku 7 hadi 10 kupona, na doa linaweza kubaki muda mrefu zaidi. Mweleze mwalimu dawa ilianza siku gani na saa ngapi. Ni taarifa yenye manufaa kuliko kusema tu kwamba ameshapona. Shule ikiwa na kanuni yake kali zaidi, kanuni hiyo ndiyo itakayofuatwa.

Kuogelea na michezo ya kugusana uso kwa uso visubiri mpaka kila kidonda kikauke kabisa.

Nyumbani tufanye nini ili wengine wasipate?

Mkazo uwe kwenye saa 48 za kwanza. Mtoto awe na taulo na kitambaa chake cha uso, visivyoguswa na mwingine. Foronya yake ibadilishwe kila siku katika siku hizo mbili, kwa sababu uso hulala juu yake usiku kucha. Nguo hizo zifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 kama kitambaa kinastahimili, na zikauke kabisa. Vitu vya kuchezea anavyovipeleka mdomoni vioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Kucha zake zikatwe fupi leo hii. Hatua hii ina uzito mkubwa, maana vidonda vipya usoni mwa mtoto huyohuyo mara nyingi hupandwa na kidole chake mwenyewe. Mnawishe mikono mara kwa mara, na umfute kamasi kwa karatasi laini inayotupwa.

Anayelala naye kitanda kimoja alale pengine kwa usiku mbili ikiwezekana. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, ila kukiwa na kidonda mdomoni au kidevuni kwa mtoto aangalie ngozi ya titi, na akiona mchubuko unaovuja aonyeshe kwa mhudumu. Ndugu wasio na vidonda hawahitaji dawa. Wachunguzwe usoni kila siku kwa siku 10, na kidonda cha kwanza kitibiwe siku kinapoonekana.

Nitajuaje kama dawa inafanya kazi?

Mpige picha kila asubuhi mahali palepale, kwenye mwanga uleule, kabla ya kumsafisha. Macho yanayomwona mtoto kila saa hayatambui mabadiliko, picha mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha. Baada ya siku mbili, hakuna kidonda kipya. Baada ya siku tatu, kigaga ni chembamba na ukingo haujatanuka. Siku ya tano, ngozi mpya laini imefunika sehemu kubwa.

Siku ya tatu ikifika na vidonda vimeongezeka, au siku ya tano ikifika bila nafuu inayoonekana, rudi kwa mhudumu wa afya. Mweleze ulivyosafisha na ulipaka mara ngapi kwa siku, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakalojiuliza. Kama ulipaka ipasavyo, basi huenda bakteria ni sugu kwa dawa hiyo, au si impetigo. Hapo ndipo kuchukua kipimo cha majimaji ya kidonda kwenda maabara kunapokuwa na maana. Kuongeza siku kwa dawa isiyosaidia hakusaidii.

Vinapona, kisha vinarudi kila baada ya wiki chache. Kwa nini?

Mara nyingi chanzo kiko puani. Bakteria wamejenga makao ndani ya pua ya mtoto, au ya mtu mwingine wa nyumbani, na kila mafua yanapokuja wanapata ngozi iliyochubuka. Mhudumu anaweza kupima pua na, ikibidi, kuandika dawa ya puani kwa siku chache. Chanzo kingine ni ule ukurutu au upele uliotajwa juu, ambao haukutibiwa.

Mtoto akipata mafua baada ya kupona, mpake mafuta mazito ya petroli, tabaka jembamba kati ya pua na mdomo, kabla ngozi haijachubuka. Kamasi itateleza juu ya mafuta badala ya kulowesha ngozi. Yachotwe kwa kijiko kidogo safi, si kwa kidole kinachorudi kwenye kopo.

Vitaacha kovu?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu maambukizi haya hayafiki chini ya tabaka la juu la ngozi. Hubaki doa jekundu, jeusi au jeupe kidogo, linalofifia kwa wiki au miezi. Kovu hutokea vigaga vinapobanduliwa kwa nguvu, au maambukizi yanapochimba chini na kuacha shimo lenye kigaga kinene cheusi. Hali hiyo inaitwa ekthima, nayo hutibiwa kwa dawa ya kunywa.

Ni dalili zipi za kumpeleka hospitali siku hiyohiyo?

Uvimbe wa moto unaouma na kutanuka kuzunguka kidonda, hasa ukielekea jichoni au jicho likishindwa kufunguka. Homa pamoja na mtoto kulegea au kukataa kunywa. Na ngozi inayouma hata ikiguswa kidogo, ikaanza kuchubuka kwa vipande vikubwa kama iliyoungua maji ya moto. Hiyo husababishwa na sumu ya stafilokokasi, huwapata zaidi watoto wadogo, na haisubiri kesho.

Dalili nyingine huchelewa, kwa hiyo wazazi wengi hawaihusishi na vidonda. Baadhi ya streptokokasi wa ngozini huweza kuufanya mwili ushambulie figo zake, kwa kawaida wiki 1 hadi 6 baada ya vidonda, mara nyingi kwenye wiki ya tatu, uso ukiwa umekwisha kupona. Mtoto huamka asubuhi macho yamevimba, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au anakojoa kidogo sana. Ni tatizo la nadra, na watoto wengi hupona wakihudumiwa, lakini linahitaji kupimwa mkojo na shinikizo la damu siku hiyo. Dawa ya vidonda haitoi uhakika wa kulizuia. Andika tarehe vidonda vilipoanza, na kwa wiki sita zinazofuata utazame rangi ya mkojo wake.